Video yako imesambaa ghafla: jinsi ya kuwafikisha watazamaji wapya kwenye video ya pili

Video inaposambaa ghafla, wenye chaneli wengi hufanya mambo mawili. Hupiga picha ya skrini wakairusha kwenye makundi yote ya WhatsApp, kisha hukaa kutazama namba zikipanda. Siku kumi baadaye namba zinashuka, chaneli inarudi pale pale ilipokuwa, na mwenye chaneli anabaki kusema YouTube imembania.

Ukweli ni kwamba mtu aliyeletwa na YouTube hakujui. Amevutwa na picha ya jalada na kichwa cha habari, na akishakiona alichokifuata anaondoka, isipokuwa akutane papo hapo na kitu kingine kinachofanana nacho. Kwa hiyo kazi kubwa ya siku za mwanzo ni moja: kumtoa mtazamaji kwenye video ya kwanza na kumfikisha kwenye ya pili. Kubonyeza Subscribe kwa kawaida hufuata hapo, mtu anapogundua kwamba ulichompa mara ya kwanza unacho tena.

Hapa nazungumzia video ndefu ya kawaida ya YouTube. Shorts nitazigusa mbele, maana zina taratibu zake.

Tutumie chaneli ya mfano ili hesabu zieleweke. Ni chaneli ya mapishi, iko Wete, Pemba. Ina wafuatiliaji 640 na video 34, na video ya kawaida hutazamwa kama mara 300 katika wiki yake ya kwanza. Siku ya Ijumaa inapandishwa video ya dakika 11 na sekunde 4: halua inapikwa uani kwenye sufuria kubwa ya shaba, watu wawili wanapokezana mwiko mrefu, samli inatiwa kidogo kidogo, na mwisho halua inamiminwa kwenye vikapu vya ukili. Siku nne za mwanzo inatazamwa mara 280. Jumatano usiku inaanza kupanda, na Alhamisi asubuhi imeshapita 9,000.

Kwanza jua wanatoka wapi

Fungua programu ya YouTube Studio, ingia kwenye video hiyo, gusa Analytics kisha Reach. Utaona orodha ya vyanzo. Browse features maana yake YouTube inaiweka video yako kwenye ukurasa wa mwanzo wa watu. Suggested videos maana yake inapendekezwa chini au pembeni ya video za watu wengine. External ni nje ya YouTube, kama vile linki iliyorushwa WhatsApp au Facebook.

Tofauti hii ni muhimu. Kama sehemu kubwa ni External, kuna mtu au ukurasa mmoja umekurusha, na wimbi litakatika linki itakapochoka kuzunguka, pengine kesho tu. Basi fanya haraka yale ya siku ya kwanza, usitegemee wiki nzima. Kama ni Browse na Suggested, YouTube yenyewe inaijaribu video kwa kundi moja baada ya jingine, na kwa kawaida una muda zaidi.

Ukigusa Suggested videos utaona majina ya video zinazokuletea watu. Yasome moja moja. Tuseme kwenye mfano wetu nyingi ni video za halua ya Oman na za watu wanaopika kwa masufuria makubwa. Hapo umeshajua kitu ambacho pengine hukukifikiria: hawa wamekuja kuangalia kitamu cha kienyeji kikipikwa kwa wingi na kwa mikono. Mapishi ya Pemba kwa jumla huenda yasiwashughulishe hata kidogo. Ubainisho huo utauhitaji muda si mrefu.

Halafu jambo dogo linalowachanganya watu wengi. Takwimu za siku kwenye YouTube huhesabiwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, kwa hiyo kwetu siku yao mpya huanza saa nne au saa tano asubuhi, kutegemea msimu wao. Ukiona jana "imeshuka" wakati unatazama alfajiri, usiwe na wasiwasi. Kwa mwendo wa sasa hivi tazama Realtime, yaani saa 48 na dakika 60 zilizopita.

Na ukishaona video inapanda, usiguse kichwa cha habari wala picha ya jalada. Hivyo viwili ndivyo vinavyofanya watu wabonyeze. Najua hamu ya kutia neno VIRAL kwenye kichwa ni kubwa. Jizuie. Maelezo ya chini, komenti, kadi na skrini ya mwisho unaweza kubadilisha bila hofu.

Kata mkia wa video kabla haijafika 100,000

Hatua hii ina muda wake maalumu, ndiyo maana naitanguliza.

Kwenye Analytics ya video hiyo fungua Engagement uitazame ile chati ya audience retention. Inaonyesha, sekunde kwa sekunde, ni asilimia ngapi ya watu bado wapo. Karibu kila video ya mapishi huwa na maporomoko mwishoni, pale chakula kinapokuwa tayari. Kwenye mfano wetu, halua imeshaiva na imeshamiminwa kwenye dakika 10:10, na hapo asilimia 38 ya watu bado wanatazama. Baada ya hapo inafuata karibu dakika nzima ya salamu: ahsanteni, msisahau kulaiki, salamu kwa shangazi wa Konde, kamera inazungushwa uani. Kufika 10:44 wamebaki asilimia 12, na mwisho kabisa asilimia 4.

Sasa, skrini ya mwisho ya YouTube, ile inayoonyesha video nyingine na kitufe cha Subscribe, inaweza kukaa ndani ya sekunde 5 hadi 20 za mwisho tu. Huwezi kuiweka katikati. Kwa video hii ingeanza kuonekana 10:44, wakati watu wameshaondoka. Katika kila watazamaji 100,000, wanaoiona hata kwa mara ya kwanza ni 12,000. Ukiukata mkia ili video iishe 10:32, skrini ya mwisho itaanza 10:12, sekunde mbili tu baada ya halua kumiminwa, na wanaoiona wanakaribia 38,000. Watu ni wale wale, video ni ile ile, lakini mlango umesogezwa walipo.

Kukata ni hivi. Ingia `studio.youtube.com`, kwa kompyuta kama unayo. Kama huna, fungua Chrome kwenye simu, gusa vitone vitatu, chagua Desktop site, kisha ingia. Skrini itakuwa finyu lakini kazi inafanyika. Nenda Content, chagua video, kisha Editor, halafu Trim & cut. Weka alama mwanzo wa sehemu unayoitoa na mwisho wake, itazame kwa Preview, kisha Save. Video inabaki na linki yake, komenti zake na hesabu yake ya kutazamwa. Uchakataji unaweza kuchukua saa kadhaa, na muda wote huo watu wanaendelea kuona toleo la zamani, kwa hiyo hupotezi kitu.

Mpaka ni huu: video ikishapita kutazamwa mara 100,000, na chaneli yako haimo kwenye mpango wa washirika wa YouTube, ule wa kulipwa matangazo, huenda Editor ikakataa kuhifadhi mkato huo. Ndiyo maana nasema ufanye Alhamisi hiyo hiyo, si Jumapili. Fanya mkato kwanza, skrini ya mwisho baadaye, maana urefu wa video ukibadilika itabidi uipange upya.

Usikate kingine chochote. Utaona mteremko mdogo dakika ya tatu utamani kuuondoa pia. Uache. Video inapendwa ilivyo, na wewe unarekebisha mlango wa kutokea tu.

Kuchagua video ya pili

Hapa ndipo penye uzito wote, na ndipo watu wengi wanapopita mbio.

Chaneli yetu ina video nyingine 33. Mwenye chaneli angependa kupeleka watu kwenye ile anayoipenda zaidi, tuseme ni matembezi ya sikukuu Chake Chake, aliyoihariri kwa siku tatu. Itakuwa hasara. Aliyekuja kwa ajili ya sufuria ya halua akipelekwa sokoni ataondoka ndani ya sekunde 20, na safari yake itakuwa imeishia hapo.

Andika pembeni ahadi ya video iliyosambaa kwa sentensi moja. Yetu ni: "Kitamu cha asili kinapikwa kwa mikono, hatua zote naziona, na mwisho naona kimeiva." Kisha pitia video zako moja moja ujiulize ipi inatimiza ahadi hiyo hiyo. Tuseme zinabaki tatu: visheti, mkate wa kumimina, na ubuyu. Sasa fungua chati ya retention ya kila moja. Unayoitaka ni ile ambayo watu wanabaki mpaka mwisho, hata kama ilitazamwa mara 200 tu. Uchache wa waliotazama ni kwa sababu YouTube haikuwafikisha watu pale. Wakiondoka mapema, hapo video yenyewe ndiyo inayowachosha. Kama visheti wanabakia asilimia 41 na mkate wa kumimina asilimia 22, chaguo ni visheti, ingawa mkate ulitazamwa zaidi.

Halafu soma komenti. Usizisome kwa kutafuta sifa. Unatafuta swali linalojirudia. Chini ya video kama hii utakuta "Mashaallah" nyingi, na katikati yake kitu kama hiki: "Dada, mimi niko Maskati, sufuria kubwa sina wala jiko la kuni sina, nitapikaje kidogo kwa gesi?" Kisha mwingine wa Mombasa anauliza hivyo hivyo, na mwingine wa Mwanakwerekwe. Swali lililoulizwa na watu kumi kwa maneno tofauti ni video yako inayofuata, na jina lake umeshapewa: halua ya nyumbani kwa sufuria ndogo.

Kwa hiyo unakuwa na mipango miwili inayokwenda pamoja. Leo, video ya pili ni visheti, kwa sababu ipo. Ndani ya siku tatu hadi tano, video ya pili itakuwa halua ya sufuria ndogo, kwa sababu hiyo ndiyo wanayoitaka hasa. Itakapopanda, utabadilisha linki zote zielekee kwake.

Kama hakuna hata video moja inayofanana, yaani chaneli yako imechanganya mpira, harusi na mapishi, usilazimishe. Weka skrini ya mwisho yenye kitufe cha Subscribe kwa muda, na uelekeze nguvu zako zote kwenye kurekodi ile mpya.

Skrini ya mwisho

Mkato ukishakamilika, rudi Studio, chagua video, fungua End screen. YouTube inaruhusu vitu hadi vinne. Weka viwili. Cha kwanza ni Video, na hapo utapewa njia tatu: Most recent upload, Best for viewer, au kuchagua video maalumu. Chagua maalumu, uweke visheti. Ukiweka Most recent upload, siku utakayopandisha salamu za Ijumaa basi hizo ndizo watakazopewa wageni wote. Cha pili ni Subscribe.

Kwa nini viwili? Kwenye skrini ya simu, vitu vinne vinabanana na kila kimoja kinakuwa kidogo. Mtu akipewa mengi ya kuchagua kwa sekunde 20, wengi hawachagui lolote. Angalia pia visizibe halua yenyewe. Vikapu vikiwa kushoto, vitu viende kulia.

Kama kitufe cha End screen hakibonyezeki, sababu ya kawaida ni kwamba video iliwekwa alama ya Made for kids wakati wa kupandisha. Video za namna hiyo hazina skrini ya mwisho, hazina kadi wala komenti. Upishi wa halua si maudhui ya watoto, kwa hiyo rekebisha alama hiyo kwenye Details. Video ikiwa fupi kuliko sekunde 25 pia haikubali.

Kadi, zile zinazojitokeza kona ya juu, unaweza kuweka hadi tano. Mimi napendekeza moja tu, kwenye robo ya mwisho. Kadi ya dakika ya pili inamtoa mtu kwenye video iliyo moto na kuipunguzia muda wa kutazamwa, na muda huo ni mojawapo ya mambo yanayoifanya YouTube iendelee kuisambaza.

Komenti iliyobandikwa

Andika komenti yako mwenyewe, iguse, chagua Pin. Itakaa juu ya zote. Wengi huandika "Sabskraibu chaneli yetu" wakaishia hapo, na mgeni haoni sababu. Komenti nzuri inajibu swali la wengi kwanza, ndipo inaonyesha njia, kisha inauliza kitu rahisi kujibika. Kwa video yetu ningeandika hivi:

"Ahsanteni sana ndugu zangu. Wengi mmeuliza utajuaje kama halua imeiva: samli itaanza kutoka pembeni, na halua itaacha kushika kwenye sufuria. Ikiwa bado inanata, endelea kukoroga. Mliouliza kuhusu kupika kidogo nyumbani, Jumatatu inshaallah naonyesha kwa sufuria ya kawaida na jiko la gesi. Wakati mnasubiri, visheti hivi hapa. Kwenu halua mnaitia lozi au korosho?"

Chini yake weka linki. Linki bora ni ile inayofungua video ikiwa ndani ya orodha, ili visheti vikiisha kitu kingine cha aina hiyo kifuate chenyewe. Kwanza tengeneza Playlist, uipe jina ambalo mgeni ataelewa, kama "Halua na vitamu vya Eid", utie zile tatu nne zinazofanana tu. Linki yake inakuwa hivi:

```
https://www.youtube.com/watch?v=VIDEO_ID&list=PLAYLIST_ID
```

Huna haja ya kuiandika kwa mkono. Fungua orodha, cheza video ya kwanza, na unakili anwani iliyo juu kwenye kivinjari. Linki hiyo hiyo iweke pia kwenye mstari wa kwanza wa maelezo ya video, kwa sababu mistari ya chini hufichwa mpaka mtu abonyeze.

Kisha wajibu watu. Huwezi kujibu komenti 800, lakini ukijibu 30 za maswali ya kweli, kwa majibu ya kweli, wengine wataona chaneli ina mwenyewe. Jibu kwa lugha aliyokuandikia mtu, kama unaijua.

Video mpya ndani ya siku tatu hadi tano

Halua ya sufuria ndogo haihitaji kuwa kazi kubwa. Inahitaji kufanana na ya kwanza kwa mambo yanayoonekana: kamera kwa pembe ile ile ya juu kidogo, mwiko, rangi ile ile ya halua inayong'aa, sauti ya kukoroga bila muziki mwingi. Picha ya jalada nayo ifanane, ili aliyeona ya kwanza aitambue akipita haraka. Anza moja kwa moja na sufuria. Usianze na sekunde 40 za kushukuru kwa video kusambaa, maana wengi wa watakaoiona hiyo ya pili hawakuiona ya kwanza.

Ombi la kusabskraibu liwe pale unapokuwa umeshampa mtu kitu, na liwe na sababu anayoielewa. Halua ikishaiva sema: "Ijumaa ijayo napika visheti vinavyokaa wiki nzima bila kulainika, sabskraibu visikupite." Umemtajia kitu na siku. Ukishasema Ijumaa, iwe Ijumaa.

Ikishapanda, rudi kwenye video iliyosambaa ubadilishe mambo matatu: skrini ya mwisho, komenti iliyobandikwa, na mstari wa kwanza wa maelezo. Vyote vielekee kwenye halua ndogo. Na skrini ya mwisho ya halua ndogo ielekee visheti, si kurudi kwenye sufuria kubwa ambayo wengi wao wameshaiona.

Ukurasa wa chaneli usikuchukue muda. Kwenye Customization, weka halua ndogo kuwa video ya wasiofuatilia, na ile orodha ya vitamu iwe sehemu ya kwanza chini yake. Video za matembezi na harusi zishuke chini. Usizifute.

Kama kilichosambaa ni Shorts

Shorts haina skrini ya mwisho, na tangu Agosti 2023 linki kwenye komenti na maelezo ya Shorts hazibonyezeki, kwa hiyo komenti iliyobandikwa haivushi mtu. Njia iliyopo ni Related video: Studio, chagua hiyo Shorts, Details, kisha Related video, uchague video ndefu. Itatokea kama linki ndogo juu ya Shorts yenyewe. Usipoiona sehemu hiyo, angalia kwenye Settings, Channel, Feature eligibility kama akaunti yako imethibitishwa kufikia Advanced features.

Usishtuke ukiona idadi kubwa ya kutazamwa na wachache tu wakivuka. Tangu 31 Machi 2025, Shorts inahesabiwa kutazamwa kila inapoanza kucheza, hata mtu akiipita mara moja. Namba ya kuifuata ni Engaged views, yaani za wale waliobaki wakaitazama. Na aliyezoea kupitisha video kwa kidole huvuka kwa urahisi zaidi kwenda Shorts nyingine kuliko video ya dakika 11, kwa hiyo tengeneza Shorts ya pili inayofanana, ndipo hiyo ya pili nayo iwe na Related video.

Hesabu za kukuonyesha kama njia inafanya kazi

Namba ya kwanza ni wafuatiliaji kwa kila watazamo 1,000. Tuseme Alhamisi, kabla hujafanya lolote, video ilitazamwa mara 9,000 na kuleta wafuatiliaji 36. Hiyo ni 4 kwa elfu. Jumamosi, baada ya mkato na skrini ya mwisho, chukua kilichoongezeka tu: mara 20,000 na wafuatiliaji 160. Hiyo ni 8 kwa elfu. Njia imefanya kazi. Usichanganye jumla yote, maana namba za zamani zitaficha mabadiliko.

Tofauti ya 4 na 8 inaonekana vizuri ukiangalia masharti ya kulipwa matangazo: wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama watu wanatazama video yetu kwa wastani wa dakika 5, inatosha itazamwe mara 48,000 na saa zimetimia. Kinachobaki ni wafuatiliaji 360 juu ya wale 640. Kwa 4 kwa elfu, video lazima itazamwe mara 90,000. Kwa 8 kwa elfu, mara 45,000. Ukipita hapo unaweza kuomba kuingia mpango wa washirika wakati wimbi bado lipo, badala ya kulikosa kwa wafuatiliaji mia moja. Saa za Shorts zilizotazamwa kwenye ukurasa wa Shorts hazimo kwenye hizo 4,000.

Namba ya pili ni End screen element click rate, ndani ya Engagement, yaani asilimia ya waliobonyeza kitu kwenye skrini ya mwisho. Linganisha video na yenyewe tu, kabla na baada ya kubadilisha kitu kimoja. Ikiwa umetoa visheti ukaweka halua ndogo na asilimia imeshuka baada ya siku mbili, rudisha visheti.

Ya tatu itasubiri wiki mbili, mpaka wimbi lipoe. Litapoa, na namba ya kila siku itashuka sana. Usiipime video mpya kwa kuilinganisha na iliyosambaa. Ipime na zile 300 za zamani, kwa umri ule ule. Kama visheti vipya vimetazamwa mara 1,400 katika wiki ya kwanza na matembezi ya Chake Chake mara 350, watu waliobaki wamekwambia wanataka nini, na ratiba ya miezi miwili ijayo ipange kwa hilo. Kama zote mbili zimebaki 300, wageni walipita tu: rudi kwenye chati ya halua ndogo uone wameondokea dakika gani.

Halua ina jambo moja zaidi linalofaa kujua. Ni chakula cha msimu, na video iliyowahi kusambaa ina nafasi nzuri ya kupanda tena watu wanapoanza kutafuta vitamu vya Eid. Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka kwa kalenda ya kawaida, kwa hiyo usitegemee tarehe ya mwaka jana. Mwezi wa Shaaban ukiandama, fungua tena video ile, angalia kama linki ya komenti iliyobandikwa bado inafunguka, na skrini yake ya mwisho uielekeze kwenye kitamu kipya kabisa ulichonacho wakati huo.